Tahadhari au ukuaji: kuchagua fungu la uwekezaji la pensheni ukiwa bado kijana

Wiki ya kwanza kazini mtu hupewa lundo la fomu, na katikati ya lundo hilo kuna ukurasa mmoja wa mfuko wa pensheni wenye visanduku viwili au vitatu: fungu la tahadhari, fungu la ukuaji, na pengine lile la wastani lililo kati yao. Wengi huweka alama kwenye tahadhari kwa sababu neno lenyewe linatuliza, au huacha wazi na mfuko ukawachagulia. Nimekaa miaka kadhaa kwenye bodi ya wadhamini nikiwakilisha wanachama, na hicho ndicho kisanduku nilichoulizwa zaidi kuliko kingine chochote, kwa kawaida na mtu aliyekijaza miaka 10 nyuma.

Mwongozo huu unahusu mpango ambao mchango wako unajulikana lakini mafao hayajulikani. Wewe na mwajiri mnachangia kila mwezi, fedha zinawekezwa kwa jina lako, na siku ya kustaafu utapata kile kilichomo kwenye akaunti, hakuna zaidi. Hakuna kanuni inayokuahidi sehemu fulani ya mshahara wako wa mwisho. Kwa hiyo uwekezaji ukienda vibaya, hasara ni yako, si ya mwajiri. Kama mpango wako ni ule unaolipa kwa kanuni ya mshahara na miaka ya utumishi, hutaulizwa swali hili.

Kwanza, jua utazigusa lini

Umri peke yake hautoshi kuamua. Kijana wa miaka 25 anayestaafu akiwa na 60 ana miaka 35 mbele yake, lakini hiyo ni kweli tu ikiwa fedha zitabaki humo miaka yote 35. Baadhi ya mifuko huruhusu mwanachama kuchukua sehemu au akaunti yote anapoacha kazi, au kuitumia kununua nyumba. Kama unajua utaacha kazi baada ya miaka 3 na kanuni zinakuruhusu kuchukua fedha, na kweli umekusudia kuzichukua, basi wewe ni mwekezaji wa miaka 3 mwenye uso wa kijana. Fungu la tahadhari ndilo lako, na sehemu kubwa ya yanayofuata haikuhusu.

Soma kipengele cha kutoa fedha kwenye kanuni za mfuko, kisha ujibu kwa ukweli. Angalia pia kama una akiba ya dharura nje ya pensheni. Asiye na akiba yoyote ndiye hujikuta anavunja pensheni wakati mbaya kabisa, kwa sababu uchumi unaopoteza ajira mara nyingi ndio huohuo ulioangusha bei za hisa.

Pili, soma kilichomo ndani ya fungu, si jina lake

Majina haya hayana kipimo cha pamoja. Fungu la "ukuaji" la mfuko mmoja linaweza kuwa na asilimia 80 ya hisa, na la mfuko mwingine asilimia 45. Omba taarifa ya fungu, ile karatasi ya ukurasa mmoja au miwili ambayo meneja wa uwekezaji huitoa kila robo mwaka, uende moja kwa moja kwenye mgawanyo wa mali. Utakuta hisa, hatifungani, yaani mikopo inayopewa serikali au kampuni kwa riba, amana za benki, dhamana za serikali za muda mfupi, na pengine majengo. Jumlisha hisa na majengo. Jumla hiyo ndiyo itakayoamua jinsi fungu litakavyoyumba.

Chile ni mfano mzuri wa nchi iliyoondoa utata huu. Mwaka 2002 mfumo wao wa pensheni ulianzisha mafungu matano yenye herufi A hadi E, na sheria iliweka mipaka ya hisa kwa kila moja: A kati ya asilimia 40 na 80, na E isiyozidi asilimia 5. Mwanachama asiyechagua aliwekwa kwa umri wake, kijana akianzia B. Mfuko wako huenda hauna mipaka iliyo wazi hivyo, ndiyo maana inakupasa kuisoma karatasi.

Kwenye fungu la tahadhari kuna jambo moja la kutazama kwa makini, nalo ni muda wa hatifungani. Watu hudhani tahadhari maana yake ni kutoshuka. Bei ya hatifungani hushuka riba za sokoni zinapopanda, na kadiri muda wake ulivyo mrefu ndivyo inavyoshuka zaidi. Karatasi nyingi huonyesha kipimo kinachoitwa muda wa wastani wa malipo. Kikiwa miaka 8, riba ikipanda kwa pointi moja ya asilimia, tarajia bei kushuka kwa takriban asilimia 8. Mwaka 2022 benki kuu zilipopandisha riba kwa kasi, hatifungani za serikali ya Uingereza kwa ujumla zilipoteza karibu robo ya thamani yake ndani ya mwaka mmoja. Walioumia zaidi ni wale waliokaribia kustaafu, ambao mifuko yao ilikuwa imewahamishia huko ili kuwalinda.

Kwenye fungu la ukuaji, tazama hisa zimetawanywa wapi. Hisa za nchi moja zinaweza kukaa chini kwa muda mrefu kuliko subira ya mtu yeyote. Kipimo cha hisa za Japani kinachoitwa Nikkei kilifika kileleni mwisho wa Desemba 1989, na hakikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Hata ukihesabu gawio, hilo ni shimo refu. Fungu la ukuaji lenye hisa za soko moja, au lenye kampuni nne tano zinazobeba nusu ya thamani, si lile ninalolizungumzia hapa. Ukikuta zimo nyingi za kampuni ya mwajiri wako, jihadhari mara mbili: kampuni ikiyumba utapoteza mshahara na pensheni kwa pamoja.

Chukua pia ada ya mwaka ya kila fungu. Tutaihitaji sasa hivi.

Tatu, piga hesabu kwa fedha za leo

Hapa ndipo penye uamuzi, kwa hiyo twende polepole.

Faida inayoandikwa kwenye matangazo ya mfuko haijaondolewa mfumuko wa bei. Fungu la tahadhari lililopata asilimia 7 wakati bei zimepanda asilimia 6 limekuongezea uwezo wa kununua kwa chini ya asilimia 1. Hesabu yake ni kugawanya 1.07 kwa 1.06, kisha kutoa 1. Hiyo ndiyo faida halisi, na ndiyo pekee inayofaa kulinganishwa kwa miaka 35. Ukishaondoa na ada, unabaki na kile kinachokufikia.

Chukua mwanachama wa miaka 25 mwenye mshahara wa 1,000 kwa mwezi. Mchango wake na wa mwajiri kwa pamoja ni asilimia 10, yaani 100 kwa mwezi au 1,200 kwa mwaka, na unapanda sawa na bei ili thamani yake ibaki ileile. Atastaafu akiwa na 60. Tuseme fungu la tahadhari litampa faida halisi ya asilimia 1.5 kwa mwaka baada ya ada, na la ukuaji asilimia 4. Haya ni makadirio yangu ya kupigia hesabu, wala si ahadi ya mtu yeyote. Weka ya kwako ukiona haya yamezidi. Kanuni ya kujumlisha michango ya kila mwaka ni hii, ambapo M ni mchango wa mwaka, r ni faida halisi na n ni idadi ya miaka:

```
M × ((1 + r)^n − 1) / r
```

Katika miaka 35 atakuwa amechangia 42,000. Fungu la tahadhari litamfikisha karibu 54,700. La ukuaji, karibu 88,400. Tofauti ni 33,700 kwa fedha za leo, mshahara wake wa karibu miaka 3, na imetokana na alama moja kwenye kisanduku.

Wengi huishia hapo, nao huwa wamesikia nusu tu ya habari, maana hakuna soko linalopanda asilimia 4 kila mwaka kwa utaratibu. Basi tuangushe soko. Tuseme mwanachama wetu amechagua ukuaji, na akiwa na miaka 28 fungu linapoteza asilimia 40. Kwa wakati huo alikuwa na 3,746, sasa amebaki na kama 2,250. Amepoteza 1,500, ambayo ni michango ya miezi 15. Inauma. Sasa tuseme soko halikurudi kamwe kufidia anguko lile. Liliendelea tu na asilimia 4 zake za kawaida kuanzia pale chini. Akiwa na 60 atakuta 83,100. Anguko kubwa, lisilofidiwa hata kidogo, limempunguzia 5,300 tu, na bado yuko juu ya fungu la tahadhari kwa zaidi ya 28,000.

Sababu ni rahisi. Akiwa na miaka 28, fedha nyingi za uzee wake bado hazijaingia sokoni. Zilizomo ni 3,746, na zinazokuja katika miaka 32 iliyosalia ni 38,400. Soko lilipoanguka lilishika chini ya sehemu moja ya kumi ya yote atakayowahi kuweka. Zilizobaki zilikuwa bado ziko ndani ya mishahara ambayo hajalipwa.

Sasa lihamishe anguko hilohilo hadi umri wa miaka 58. Kwa wakati huo akaunti ina karibu 79,500. Asilimia 40 yake ni 31,800, na miaka miwili iliyobaki haitoshi kurekebisha chochote. Atastaafu na 54,000. Rudi juu uangalie nambari ya fungu la tahadhari: 54,700. Faida yote ya miaka 33 ya ujasiri imefutika katika mwaka mmoja, na amebaki nyuma kidogo ya jirani yake aliyejificha maisha yake yote.

Kwa hiyo swali la "ukuaji ni hatari kiasi gani" halina jibu moja. Anguko lilelile lina bei ya 5,300 ukiwa kijana na bei ya zaidi ya 34,000 ukikaribia kustaafu. Tahadhari nayo ina bei, ila hiyo hulipwa kidogo kidogo kila mwaka na haionekani kwenye stetimenti yoyote.

Rudia hesabu ukibadilisha ada. Kama fungu la ukuaji linatoza pointi moja zaidi ya asilimia, ile 4 inakuwa 3, na 88,400 zinashuka hadi 72,600. Ada ya pointi moja imemgharimu mara tatu ya lile anguko la ujanani. Nimewaona wadhamini wakibishana saa nzima juu ya hisa ya kampuni moja, kisha wakapitisha mkataba wa ada kabla ya chai.

Nne, jipime kwa anguko, kwa nambari na si kwa moyo

Mifuko mingi hukupa dodoso: je, wewe ni mtu wa kupenda hatari au la? Sijawahi kuliamini sana. Mtu hujibu kulingana na soko lilivyokuwa wiki ile. Fanya hivi badala yake: chukua salio lako la leo, ondoa asilimia 40, uandike kiasi kilichopotea kama idadi ya miezi ya mchango. Kisha fanya hivyohivyo kwa salio unalotarajia ukiwa na miaka 35. Tazama nambari ya pili. Ungefanya nini siku ile?

Asilimia 40 si tishio la kubuni. Mwaka 2008 fungu A la Chile lilipoteza takriban asilimia 40 ya thamani halisi, huku E likishuka kwa karibu asilimia 1 tu. Mwaka uliofuata A lilipanda zaidi ya asilimia 43. Kuwa mwangalifu na nambari hizo mbili, maana hazifutani: 100 iliyoshuka hadi 60, kisha ikapanda asilimia 43, imefika 86 hivi, haijarudi 100. Lakini kwa anayeendelea kuchangia hesabu ni nyingine. Akaunti yako huhesabiwa kwa vipande. Kipande kikiwa na bei ya 10, mchango wa 100 hununua vipande 10. Kikishuka hadi 6, mchango uleule hununua vipande 16 na zaidi. Kipande kikipanda hadi 8.6, ule mchango wa wakati wa anguko sasa una thamani ya 143, ingawa soko lenyewe bado halijarudi lilipokuwa. Mwanachama mwenye salio dogo na michango mingi ijayo ananufaika na bei za chini. Mstaafu hana michango ijayo, kwa hiyo hana faraja hiyo.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja tu: usikimbie. Mrudishe mwanachama wetu kwenye umri wa miaka 28, akaunti imeshuka hadi 2,250, na safari hii anaogopa, anahamishia kila kitu kwenye tahadhari na kubaki huko. Akiwa na 60 atakuta 52,400. Yuko chini ya yule aliyechagua tahadhari tangu siku ya kwanza, aliyepata 54,700. Amechukua maumivu ya ukuaji bila ukuaji wenyewe.

Na hakimbii peke yake. Huko Chile, kuanzia 2011 na miaka iliyofuata, maelfu ya wanachama walikuwa wakihama kati ya A na E kwa kufuata mapendekezo yaliyotumwa kwa barua pepe, kwa wingi kiasi kwamba mameneja walilazimika kuuza na kununua mali kwa haraka ili kukidhi maombi. Anayehama anapaswa kupatia mara mbili, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Siku bora za soko mara nyingi hukaa karibu sana na zile mbaya. Mwaka 2020 hisa za Marekani zilianguka karibu theluthi moja kati ya katikati ya Februari na mwishoni mwa Machi, na kufikia Agosti zilikuwa zimerudi zilipokuwa. Aliyetoka Machi na kusema atarudi hali ikitulia, hali ilipotulia bei ilikuwa imeshapanda.

Tano, chagua uwiano utakaokaa nao

Kwa kijana ambaye hatagusa fedha kwa miaka 20 au zaidi, mwenye akiba ya dharura, na mbele yake fungu la ukuaji lililotawanywa vizuri lenye ada ya wastani, msimamo wangu ni kuweka zote kwenye ukuaji. Hesabu ya hapo juu ndiyo sababu yangu.

Lakini kama ile hasara uliyoikadiria kwa umri wa miaka 35 ilikufanya ukose raha, usijilazimishe. Mifuko mingi hukuruhusu kugawa. Nusu kwa nusu, kwa makadirio yetu, inatoa faida halisi ya takriban asilimia 2.75, ambayo kwa miaka 35 hufika 69,100. Soko la hisa likianguka asilimia 40, wewe unashuka kama 20. Nusu kwa nusu unayokaa nayo miaka 30 inakushindia mbali ukuaji kamili unaoukimbia baada ya miaka 3. Ninachokukataza ni kugawa sawasawa kwa sababu tu visanduku ni vitatu. Hilo hutokea sana. Mfuko ukiwa na mafungu mawili ya tahadhari na moja la ukuaji, anayegawa sawa hujikuta theluthi mbili kwenye tahadhari bila kukusudia.

Baadhi ya mifuko hutoa pia fungu lenye dhamana, ambalo huahidi kwamba salio halitashuka au litapata kiwango fulani cha chini. Uliza ni nani anayetoa dhamana hiyo na nini hutokea ukihama katikati. Dhamana hulipiwa, na malipo hayo kwa kawaida hufichwa kwenye faida wanayokutangazia baada ya kuhifadhi sehemu ya miaka mizuri.

Sita, toa maagizo mawili, si moja

Hili ndilo kosa la kiofisi ninalolijua vizuri kuliko yote. Kuhama fungu kuna maagizo mawili tofauti: moja linahusu michango ijayo, jingine linahusu salio lililokwisha kukusanyika. Fomu nyingi huyatenganisha, wakati mwingine kwenye kurasa tofauti. Mtu hujaza la michango ijayo, anapata ujumbe kwamba ombi limepokelewa, na salio lake la miaka 8 linabaki palepale.

Kabla ya kutuma, uliza mambo matatu: una haki ya kuhama mara ngapi kwa mwaka bila malipo, ombi lazima lifike kabla ya saa ngapi, na bei ya kipande itakayotumika ni ya siku gani. Kwa kawaida huwa ni bei inayokokotolewa baada ya ombi kupokelewa, kwa hiyo bei uliyoiona asubuhi ulipokuwa unajaza fomu siyo utakayoipata. Uliza pia kama fedha hukaa nje ya soko siku kadhaa kati ya kuuza na kununua. Kwa kijana mwenye salio dogo siku hizo hazina uzito mkubwa. Kwa salio kubwa, hama kwa awamu chache.

Stetimenti inayofuata ikija, usiangalie thamani kwanza. Angalia idadi ya vipande kwenye kila fungu. Kama fungu la zamani bado lina vipande na ulikusudia kulimaliza, ombi la salio halikutekelezwa. Kama idadi ya vipande kwenye fungu jipya haiongezeki kila mwezi, mchango bado unaelekea kwingine, au mwajiri hajauleta kabisa, na hilo la mwisho ni la kufuatilia siku hiyohiyo.

Saba, panga mapema jinsi ya kutoka

Ulishaona kilichompata mwanachama wetu akiwa na miaka 58. Kosa lake lilikuwa kubaki kwenye ukuaji baada ya sababu zake kuisha. Tuseme angeanza kupunguza akiwa na 50, akihamisha sehemu kila mwaka, na kufikia 58 ana asilimia 40 tu kwenye hisa. Anguko la asilimia 40 la soko lingegusa asilimia 16 ya akaunti yake. Angelihisi, lakini angestaafu na sehemu kubwa ya alichokivuna.

Uliza kama mfuko una mpango unaopunguza hisa wenyewe kadiri umri unavyosogea. Mara nyingi ndio chaguo la wasiojaza fomu, na si chaguo baya. Ila kagua mambo mawili. Unaanza kupunguza ukibakiwa na miaka mingapi? Ukianza miaka 20 kabla, unatupa miaka mizuri bure. Miaka 10 hivi ni ya kawaida. Pili, unakupeleka kwenye nini? Atakayechukua fedha taslimu mara moja anahitaji kuishia kwenye amana na dhamana za muda mfupi. Atakayenunua malipo ya kila mwezi ya maisha yote anafaidika na hatifungani za muda mrefu, kwa sababu bei ya malipo hayo hufuata riba: hatifungani zikishuka, malipo nayo huwa nafuu kununua. Atakayebaki amewekeza na kuchota kidogo kidogo bado anahitaji hisa hata baada ya kustaafu. Waliopigwa mwaka 2022 huko Uingereza, baadhi yao walikuwa kwenye mpango uliowaelekeza kwenye kununua malipo ya maisha, ilhali wao walikusudia kuchukua taslimu.

Kama mfuko wako hauna mpango wa namna hiyo, kazi ni yako. Chukua nakala ya fomu uliyojaza leo, na juu yake andika mwaka utakaotimiza miaka 50, uwiano uliochagua, na sentensi moja ya kwa nini uliuchagua. Iweke pamoja na vyeti vyako vya shule, mahali ambapo huwa unapafungua kila unapobadilisha kazi.